Kipande cha kwanza cha kroshia kinapozidi kuwa chembamba: jibu kwa barua ya mjukuu

"Shikamoo Bibi. Naomba unifundishe kufuma kroshia, tena uanzie mwanzo kabisa. Nimejaribu mwenyewe na ndani ya bahasha hii nimekuwekea kipande changu cha kwanza cha mazoezi, usicheke. Nilitaka kiwe mraba, lakini kilianza kipana, na kila nilivyopanda kikazidi kuwa chembamba, sasa kinafanana na paa la nyumba. Nadhani mkono wangu unabana uzi. Nikilegeza itasaidia? Au nitafute kulabu kubwa zaidi? Pia sijui mshono wa mwisho wa mstari ni upi, kwa hiyo nikiona nimekaribia ukingo huwa nageuza tu. Mjukuu wako."

Marahaba, mke mwenzangu. Nimecheka, lakini kidogo.

Barua hii naionyesha kwa ruhusa ya mwenyewe, kwa sababu maswali yaliyomo ndiyo ninayoulizwa na karibu kila anayeshika kulabu kwa mara ya kwanza. Nimechoka kuyajibu mmoja mmoja. Wewe unayesoma, kama kipande chako nacho kina umbo la paa, kiweke mezani kama kilivyo. Usikifumue bado, maana jibu limo humo humo.

Na jibu lenyewe nalisema mapema: mkono unaobana hauli mishono. Ukibana uzi, mishono inakuwa midogo, ila idadi yake haibadiliki. Kipande kikipungua upana, hesabu kwanza, ndipo uulaumu mkono.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kulabu ya milimita 5. Namba huandikwa kwenye mpini. Ya alumini inateleza vizuri na inatosha kujifunzia.
- Uzi wa unene wa kati, laini, usio na manyoya, wa rangi moja iliyo nyepesi. Uzi mweusi unaficha mishono, na wenye manyoya unaificha zaidi. Uzi mwembamba wa pamba unaofumiwa vitambaa vya meza, uache kwanza.
- Pini mbili zinazofungwa, za kuwekea alama.
- Mkasi, na sindano butu yenye tundu kubwa la kupitisha uzi huo.
- Kalamu na karatasi. Wengi hawavitafuti, na ndio hao wanaoniletea mapaa.

Lebo ya uzi mara nyingi huonyesha ukubwa wa kulabu unaoufaa. Ikisema milimita 4 au 6, ifuate lebo. Na kama unatumia mkono wa kushoto, shika kulabu kwa kushoto, kisha kila ninaposema kulia wewe soma kushoto. Ukikaa na mtu anayefuma kwa mkono wa kulia, kaa mkabala naye, umwangalie kama unayejitazama kwenye kioo.

Kufuma kipande cha mazoezi

Tunafuma kipande chenye mishono 15 kwa upana, kwa mshono mfupi peke yake. Usiingize mshono mwingine hapa. Kipande hiki hakitakuwa kitu cha kutumia. Kazi yake ni kukufundisha macho.

1. Funga fundo la kuanzia. Acha ncha ya uzi ya sentimita 15 hivi. Tengeneza duara, kisha vuta ndani yake uzi unaotoka kwenye bunda ili upate kitanzi. Ingiza kulabu kwenye kitanzi hicho na ukikaze kwa kuvuta uzi wa bunda. Kinapaswa kuteleza juu ya kulabu bila kung'ang'ania. Kisipoteleza, umekaza mno.

2. Panga mikono. Kulabu iko mkono wa kulia; ishike kama kalamu au kama kisu cha mezani, yoyote itakayokustarehesha. Uzi wa bunda upite juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, na ukipenda uuzungushe mara moja kwenye kidole cha mwisho ili usikimbie. Kidole gumba na cha kati cha mkono huohuo vinashika fundo. Kidole cha shahada ndicho kinachoutawala uzi. Uzi ukining'inia tu bila kushikwa, kila mshono utatoka na ukubwa wake.

3. Fuma mnyororo wa pete 16. Zungusha uzi juu ya kulabu kutoka nyuma kuja mbele, kisha uvute upite ndani ya kitanzi kilicho kwenye kulabu. Hiyo ni pete moja. Rudia mpaka zifike 16, huku ukisogeza vidole vinavyoshika karibu na kulabu kila baada ya pete chache. Ukiutazama mnyororo kwa mbele, kila pete ina umbo la V. Hesabu hizo V. Fundo la kuanzia halihesabiwi, na kitanzi kilichoko kwenye kulabu nacho hakihesabiwi. Ukikosea hapa, kila kitakachofuata kitakuwa na kasoro ya pete moja isiyoonekana, na utaitafuta kutwa.

4. Fuma mshono wa kwanza kwenye pete ya pili kutoka kwenye kulabu. Pete ya kwanza unairuka kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo inayoupa mstari kimo. Ndiyo maana pete ni 16 na mishono ni 15. Ingiza kulabu chini ya uzi wa juu wa ile V. Zungusha uzi, uvute utokeze: sasa una vitanzi viwili kwenye kulabu. Zungusha uzi tena, uvute upite ndani ya vyote viwili kwa pamoja. Umebaki na kitanzi kimoja, na mshono mfupi umekamilika.

5. Funga pini kwenye mshono huo sasa hivi. Pitisha pini chini ya V iliyoko kichwani mwa mshono, si kwenye kitanzi cha kulabu. Usiseme utaiweka baadaye, baadaye hutaujua.

6. Maliza mstari. Fuma mshono mmoja katika kila pete hadi ya mwisho, ile inayogusa fundo la kuanzia. Pete hiyo huwa imebanwa na inaonekana kama sehemu ya fundo, kwa hiyo wengi huiacha. Hesabu: 15. Andika kwenye karatasi, "mstari wa 1: 15".

7. Geuza, kisha fuma pete moja. Geuza kipande kama unavyogeuza ukurasa. Pete hii moja ni ya kupandia tu. Haihesabiwi kama mshono.

8. Fuma kwenye mshono wa kwanza kabisa. Ni ule ulio ukingoni, chini kabisa ya pete uliyofuma sasa hivi, yaani mshono wa mwisho wa mstari uliopita. Utaona umebanwa na kulabu itataka kuteleza iende kwenye wa pili. Usiiruhusu. Kuanzia mstari huu ingiza kulabu chini ya nyuzi zote mbili za V. Mshono ukikamilika, uwekee pini ya pili mara moja.

9. Endelea mpaka kwenye pini ya mstari uliopita. Mshono wenye pini ndio wa mwisho. Toa pini, fuma ndani yake, kisha hesabu tena na uandike. Sasa pini uliyoitoa ndiyo itakayowekwa kwenye mshono wa kwanza wa mstari ujao. Pini mbili zinapokezana hivyo mpaka juu.

10. Fuma mistari 15, kisha malizia. Kata uzi ukiacha sentimita 15, uvute wote upite kwenye kitanzi cha mwisho na ukaze. Kwa sindano butu, pitisha ncha hiyo ndani ya mishono kwa sentimita 5 hivi, kisha urudi nayo upande ulikotoka kwa kuruka uzi mmoja, ndipo ukate kilichobaki. Ncha iliyopitishwa upande mmoja tu huchomoka kitambaa kikioshwa.

Tahadhari moja kabla hujafuata maelezo ya mtu mwingine: Wamarekani na Waingereza hawaiiti mishono kwa majina yaleyale. Huu mshono mfupi, Wamarekani huuita mshono mmoja, na Waingereza huuita mshono wa mara mbili. Kwa hiyo kabla ya kuanza angalia maelezo yameandikwa kwa utaratibu upi, la sivyo utafuma kitu chenye kimo tofauti kabisa na cha kwenye picha.

Nilivyokisoma kipande cha mjukuu

Nilikiweka mezani, nikakinyoosha kwa mkono na kuhesabu mishono ya kila mstari kuanzia chini. Wa kwanza ulikuwa na 15. Wa pili 14, wa tatu 13, na kuendelea hivyo hadi wa kumi, uliokuwa na 6. Amegeuza mara 9 na amepoteza mishono 9.

Hapo tayari nilijua si suala la mkono kubana. Mkono ukibana, hesabu ingebaki 15 hata kipande kikawa kidogo. Pia nilijua si bahati mbaya, kwa kuwa makosa ya bahati mbaya hayana mpangilio: ungekuta 15, 15, 14, 12, 12. Ukipoteza mshono mmoja kila unapogeuza, bila kukosa hata mara moja, kuna mahali pamoja unaparuka kila mara. Ungepoteza miwili kila mstari, ningesema unaruka mwanzo na mwisho.

Ilibaki kujua ni mahali gani. Huwezi kujua kwa kuangalia mteremko, kwa sababu kipande kinageuzwa kila mstari: kosa la mwisho linaangukia kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena, na pande zote mbili zinateremka sawasawa. Ndiyo maana kipande kinapendeza kwa umbo lake la paa na kumdanganya mwenyewe kwamba ni mkono. Kinachosema kweli ni mstari wa mwisho. Niliushika huku ncha ya uzi, pale alipoishia, ikiwa kushoto kwangu, nikatazama mstari ulio chini yake. Kule kushoto kulikuwa na V moja tupu, haijafumwa kitu juu yake, imekaa kama ngazi ndogo. Upande wa kulia, alikoanzia, hapakuwa na V tupu. Basi anaruka mshono wa mwisho. Na barua yake ilikuwa imekiri: "nikiona nimekaribia ukingo huwa nageuza tu".

Fanya vivyo hivyo na kipande chako. V tupu ikiwa upande ulioishia, unaacha mshono wa mwisho. Ikiwa upande ulioanzia, unaruka ule wa kwanza, pengine kwa kudhani pete ya kupandia imechukua nafasi yake. Kwa utaratibu huu wa mshono mfupi haijachukua.

Tiba yake haikuhitaji kulabu mpya. Nilimwambia atoe kulabu na kuvuta uzi taratibu, afumue mstari wa kumi hadi wa pili, na auache wa kwanza ambao ulikuwa mzima wenye mishono 15. Ukifumua, simama mshono mmoja kabla ya pale unapopataka, umalizie wa mwisho kwa uangalifu, kisha urudishe kulabu kwenye kitanzi bila kukipindua. Baada ya hapo ni hatua ya 7, na pini. Zaidi ya hizo pini, sikumbadilishia kitu.

Kuhusu swali lake la kulegeza uzi: ukilegeza wakati bado unaruka mshono, utapata paa kubwa zaidi.

Mengine yanayoharibika, na namna ya kuyatambua

*Kipande kinapanuka.* Hili ni kosa la upande wa pili. Ama umefuma mara mbili ndani ya mshono mmoja, ama umefika mwisho wa mstari ukafuma na kwenye pete ya kupandia kana kwamba ni mshono. Hesabu ikipanda kwa mmoja kila mstari, ni hiyo pete. Ikiongezeka hapa na pale, tafuta mahali ambapo mishono miwili inatoka kwenye tundu moja. Inafungua miguu kama V iliyosimama.

*Hesabu haibadiliki, lakini pembeni kuna vitundu.* Unaruka mshono wa kwanza kisha unafuma kwenye pete ya kupandia mwishoni, kwa hiyo kosa moja linalificha jingine. Upana unabaki ila ukingo unakuwa na mapengo. Rudi hatua ya 8 na ya 9.

*Ukingo wa chini umejikunja kama upinde, juu kumenyooka.* Hapa ndipo mkono unapohusika kweli. Mnyororo wa kuanzia umebana kuliko mistari iliyofuata. Ufume mnyororo kwa kulabu kubwa zaidi kwa nusu milimita au milimita nzima, kisha urudi kwenye kulabu yako kwa mstari wa kwanza. Kama huna kulabu ya pili, vuta kila pete iwe ndefu kidogo kabla ya kufuma inayofuata.

*Kulabu haiingii kwenye mishono.* Tazama vitanzi vyako vinakaa wapi kwenye kulabu. Shingo, pale karibu na ncha, ni nyembamba. Kitanzi kikikazwa hapo kinatoka kidogo kuliko milimita 5, na mstari unaofuata unakuwa vita. Sogeza kila kitanzi kirudi kwenye sehemu nene ya kulabu kabla ya kuendelea. Wanaoanza wengi hulazimisha kwa nguvu ya kidole, kisha wanalalamika kwamba kifundo cha mkono kinauma.

*Uzi unapasuka, na kulabu inashika nusu yake.* Uzi umesokotwa kwa nyuzi ndogo kadhaa na kulabu inapita katikati yake. Ukiuona uzi mmoja umebaki nje, fumua mshono huo peke yake, uufume upya. Ukiuacha, utashindwa kuihesabu V hiyo huko mbele. Likitokea kila mara, uzi huo umesokotwa kwa ulegevu. Tafuta mwingine wa kujifunzia.

*Upande mmoja unaonekana tofauti na mwingine.* Si kosa. Kwa kuwa unageuza kila mstari, mbele na nyuma ya mishono hupishana, na kitambaa kinakuwa na mistari ya matuta pande zote. Wengine hufumua kazi nzuri kwa sababu hii.

*Hesabu ni sahihi, pande zimenyooka, ila mraba si mraba.* Mishono 15 kwa mistari 15 haitoi mraba kamili kwa kila mkono, kwa sababu kimo cha mshono wa mtu hakilingani na upana wake. Ongeza mstari mmoja mmoja, ukikunja kona moja ielekee ya pili hadi kingo mbili zikutane sawa. Andika idadi ya mistari uliyohitaji. Namba hiyo ni ya mkono wako na uzi huo; ukibadilisha uzi, pima upya.